Uji wa ulezi, damu ya mtoto na vijiko viwili vya sukari

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miezi minane na bado ninamnyonyesha. Tangu alipotimiza miezi sita ninampa uji wa ulezi mtupu, kikombe kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni, kwa sababu nimeambiwa una kalsiamu mara tatu ya maziwa na unaongeza damu. Kila kikombe ninatia sukari vijiko viwili vya chai, la sivyo anautema. Juzi kliniki wamempima damu wakakuta 9.8. Mama mkwe anasema niongeze ulezi mpaka uji uwe mwekundu zaidi. Nifanye nini?" – Mama, Sumbawanga

Marahaba, mama. Usiache ulezi, lakini usiutegemee kuongeza damu, kwa maana kazi hiyo hauiwezi peke yake hata ukiuongeza mara mbili. Kinachotakiwa kubadilika ni namna unga unavyoandaliwa, vyakula vinavyoandamana na uji, na ile sukari. Aidha, kipimo cha 9.8 kinahitaji kushughulikiwa na kliniki. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2024 linahesabu kuwa ana upungufu wa damu iwapo kipimo kiko chini ya 10.5. Mwanao hayuko katika hatari ya leo au kesho, lakini yuko chini ya mstari, na chakula pekee humrudisha mtoto juu ya mstari huo polepole mno.

Nianze na kalsiamu, kwa kuwa hapo uliyoambiwa yana ukweli ndani yake. Gramu 100 za unga mkavu wa ulezi zina kalsiamu ya miligramu 340 hivi, na hakuna nafaka nyingine tunayokula kila siku inayoukaribia. Mahindi na mchele havifikishi hata sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Maziwa ya ng'ombe yana miligramu 120 hivi katika mililita 100. Ukilinganisha namba hizo mbili, ni kweli ulezi unakaribia mara tatu. Lakini hakuna mtoto anayekula unga mkavu. Kikombe chako cha uji chenye mililita 200 hupikwa kwa vijiko viwili vikubwa vya unga, yaani gramu 20 hivi, na gramu hizo zina kalsiamu ya miligramu 70 tu, ilhali kikombe kama hicho cha maziwa kina 240. Kwa hiyo kikombe kwa kikombe, maziwa ndiyo yaliyo mbele, na wanaouza unga kwa maneno ya "mara tatu ya maziwa" wanalinganisha kitu kikavu na kitu chenye maji.

Hata hivyo hesabu hiyo haiushushi hadhi ulezi. Vikombe vitatu kwa siku ni gramu 60 za unga, na hizo humpa mwanao miligramu 200 hivi za kalsiamu. Mtoto wa umri wake hukadiriwa kuhitaji kati ya 260 na 400 kwa siku, kutegemea ni taasisi gani iliyopanga kiwango, na maziwa yako yanamletea sehemu nzuri ya kiasi hicho. Si kalsiamu yote ya ulezi inayofyonzwa, kwa sababu nitakazozieleza hivi punde, lakini kwa upande wa mifupa na meno mwanao hana jambo la kukutia wasiwasi. Nina ombi moja tu hapa: usinunue unga wa ulezi uliokobolewa na kuchekechwa mpaka ukawa mweupe. Kalsiamu ya ulezi imelala zaidi kwenye ganda la punje, na unga mweupe laini umeacha sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo mashineni.

Sasa tuje kwenye damu. Gramu 100 za unga wa ulezi zina madini ya chuma ya miligramu 4 hadi 5. Utaona majedwali yenye namba kubwa kuliko hizo, na mara nyingi sababu yake ni udongo: ulezi uliopurwa chini na haukuoshwa vizuri hubeba vumbi, vumbi hilo lina chuma, nayo maabara huhesabu chuma chote kilichomo kwenye sampuli. Chuma cha udongo hakimfai mtoto. Tushike 4.5. Gramu 60 za siku nzima zina miligramu 2.7 hivi, na kwa macho hilo halionekani dogo. Kasoro ni kwamba katika uji wa ulezi mtupu utumbo wa mtoto hufyonza kiasi cha asilimia 5, pengine chini ya hapo. Asilimia 5 ya 2.7 ni miligramu 0.13. Mtoto wa miezi minane anahitaji chuma kinachoingia mwilini cha miligramu 0.7 hadi 0.9 kila siku, kwa kuwa anakua kwa kasi, damu yake inaongezeka, na akiba aliyozaliwa nayo huwa imekwisha au inaelekea kwisha kuanzia mwezi wa sita. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo sana, miligramu 0.3 hivi kwa lita nzima. Sasa unaona kwa nini vikombe vitatu kila siku kwa miezi miwili havikuizuia damu kushuka. Ukifuata ushauri wa mama mkwe na kuuongeza unga mara mbili, utafika 0.26, na tumbo la mtoto litakuwa limejaa kabla ya chakula kingine chochote kuingia.

Kinachokizuia chuma kisiingie mwilini ni vitu viwili vilivyomo ndani ya punje yenyewe. Cha kwanza ni fitati, ambayo ndiyo ghala la fosforasi la mbegu. Ikifika tumboni hushikamana na chuma, zinki na kiasi fulani cha kalsiamu, na madini yaliyoshikwa hivyo hupita mpaka yatoke kwenye choo. Cha pili ni tanini na jamii yake, vitu vilevile vinavyoipa chai ya rangi ukakasi wake. Tanini za ulezi ziko kwenye ganda, na ndizo zinazochangia ule wekundu wa uji. Ninajua kwamba katika nyumba nyingi chakula chekundu huhesabiwa kuwa ni cha damu, na mama mkwe hakukosea nia. Lakini katika ulezi wekundu hauletwi na chuma. Unatoka kwa jamii ya vitu vinavyokishika chuma, na ndiyo maana ulezi wa rangi iliyofifia kwa kawaida una tanini chache kuliko ule mwekundu uliokolea. Ukipata sokoni ulezi usio mwekundu sana, mchukulie mtoto huo.

Habari njema ni kwamba mbegu yenyewe inabeba kivunja-fitati chake. Ni kimeng'enya kinacholala mpaka punje ipate maji, na punje ikianza kuota huamka na kuivunja fitati ili chipukizi lipate fosforasi. Bibi zetu waliotengeneza kimea kwa ajili ya togwa na pombe walikuwa wakiiamsha kazi hiyo bila kuijua kwa jina. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe hapa Tanzania, pamoja na wenzao wa Sweden, walikichunguza kimea hicho kwa ajili ya uji wa watoto. Wakati huo walichokitafuta zaidi ni namna ya kuufanya uji mzito uwe laini bila kuongezwa maji. Kwako wewe kimea kitatoa faida tatu kwa mara moja: kinapunguza fitati, kinalainisha uji, na kinaleta utamu kidogo, jambo ambalo litakusaidia tutakapofika kwenye sukari.

Kitengenezwe hivi. Chukua kilo moja ya ulezi mzima wa mavuno ya karibuni, kwa sababu punje za zamani au zilizolowa ghalani hazioti vizuri. Pepeta, toa mawe, kisha osha kwa maji safi mara kadhaa mpaka maji yasitoe tena vumbi. Mchanga wa ulezi huzama, kwa hiyo mimina punje polepole kutoka bakuli moja hadi lingine na uache la chini. Loweka katika maji safi usiku mzima na mchana wake, ukibadilisha maji asubuhi na jioni. Chuja, tandaza juu ya kitambaa safi kilicholowa, usizidishe unene wa kidole kimoja, funika kwa kitambaa kingine kilicholowa na weka mahali penye joto ndani ya nyumba. Nyunyizia maji mara mbili kwa siku na kugeuzageuza. Mahali pa joto kama Dar es Salaam siku mbili zinatosha, lakini huko kwenu Sumbawanga, hasa mwezi wa Juni na Julai, tegemea siku tatu hadi nne. Weka karibu na jiko bila kugusana nalo. Machipukizi yakifikia urefu wa punje yenyewe au yakiuzidi kidogo, simamisha. Kimea kizuri hunukia kama majani mabichi au tango. Kikinuka uvundo, kikiteleza mkononi, au ukiona nyuzi za kijivu, nyeusi au kijani, hiyo ni kuvu, na kimea hicho mwaga chote wala usikipe kuku.

Anika juani juu ya kichanja au ungo ulioinuliwa, funika kwa chandarua kuzuia nzi, mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa sauti. Sugua kati ya viganja ili mizizi ile midogo itoke, pepeta, kisha kasage. Hapa pana kosa ambalo ninaliona mara kwa mara: watu hukaanga ulezi kwanza ili unukie vizuri, ndipo wausage. Ukikaanga kimea umeviua vimeng'enya vyote, na unga utakaopata hautalainisha uji. Ukipenda harufu ya kukaanga, kaanga sehemu ya ulezi wa kawaida usioota, na kimea kikae pembeni katika chombo chake.

Namna ya kupika ni hii. Koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ulezi wa kawaida katika maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka ya kikombe kimoja, pika kwa dakika kumi na tano huku ukikoroga. Utapata uji mzito unaokaribia ugali laini, ambao mtoto wa miezi minane hawezi kuula kwa raha. Ondoa motoni, uache upoe mpaka uweze kuushika ubavu wa sufuria bila kuungua, ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na kukoroga. Ndani ya dakika tano hadi kumi utauona ukilegea wenyewe. Ukilegea, rudisha motoni uchemke tena kwa dakika tano. Hatua hii ya mwisho usiiruke, kwa sababu punje iliyoota siku tatu kwenye unyevu huota na vijidudu vyake, na uji wa vuguvugu usiochemshwa tena ni njia rahisi ya kumharisha mtoto. Ukitia kimea wakati uji bado unatokota, hakitafanya kazi. Ukitia ukiwa umepoa kabisa, kitafanya kazi kwa uvivu. Uji unaofaa ukiinamisha kijiko hubaki juu yake na kudondoka kwa mafungu, hautiririki kama maji. Kama huwa unaupunguza ili upite kwenye chuchu ya chupa iliyotobolewa, naomba hilo liishe leo. Bakuli, kijiko na kikombe kisicho na mfuniko vinamtosha.

Kimea ulichokitia mwishoni kinalainisha zaidi kuliko kinavyovunja fitati, kwa kuwa kinakaa muda mfupi na unga ulio wengi haukuota. Ili chuma kiachiliwe, unga wenyewe inabidi upate muda majini kabla ya moto. Usiku changanya unga wa kesho asubuhi na maji safi ya vuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa, tia kijiko cha kimea ndani yake, funika, na uache mpaka asubuhi. Ukipata ukali kidogo kama wa togwa changa, ni dalili kwamba kazi imefanyika, maana uchachu huo huo ndio unaokisaidia kivunja-fitati, na asidi yake huwazuia vijidudu vingi visivyotakiwa kukua. Pika mchanganyiko wote pamoja na maji yake. Usiuache ukapitiliza mpaka siku ya pili au ya tatu, kwani hapo unaelekea kwenye ulevi.

Kuloweka kunapunguza kizuizi lakini hakukiondoi chote, kwa hiyo uji unahitaji mwenzi. Vitamini C ikiwa katika mlo uleule hukishika chuma kabla fitati haijakishika na kukiweka katika hali inayofyonzwa, na kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Vijiko vinne au vitano vya papai bivu lililopondwa, pera lililopitishwa kwenye chujio ili mbegu zisimkabe, au juisi ya chungwa iliyokamuliwa hapo hapo, vyote vinafaa. Unga wa ubuyu usiotiwa rangi wala sukari nao unafaa, kijiko cha chai kwa bakuli. Vitamini hii haivumilii moto, kwa hiyo tia tunda au ubuyu baada ya uji kupoa kiasi cha kulika, au mpe tunda pembeni katika mlo huohuo. Kwa upande mwingine, chai ya aina yoyote mtoto asipewe, iwe ya rangi au ya maziwa, na ikiwa unapenda kupika uji wake kwa maziwa ya ng'ombe, tenga maziwa hayo kwa wakati mwingine usio na chakula cha damu, kwa sababu kalsiamu nyingi ndani ya mlo mmoja nayo hukipunguzia chuma nafasi. Kwa mtoto anayenyonya kama wako hakuna haja ya kuyaongeza kwa wingi katika mwaka wa kwanza.

Mwenzi mwenye nguvu kuliko wote ni nyama, samaki na maini, kwa sababu chuma chake hupita njia nyingine ambayo fitati haiwezi kuiziba, na tena vyakula hivyo husaidia chuma cha nafaka iliyo katika mlo huohuo. Nyinyi wa Sumbawanga mna dagaa wa Ziwa Tanganyika karibu. Chagua waliokaushwa juu ya chanja au wavu, wala si waliotandazwa mchangani. Toa vichwa kama vina mchanga, osha kwa maji ya moto, kausha tena, kaanga kidogo bila mafuta, twanga na chekecha mpaka upate unga laini. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa mlo kinatosha kuanzia. Kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake, kalsiamu nayo inakuja. Ini la kuku lina chuma cha miligramu 9 hivi katika gramu 100, na vijiko vitatu vya chai vya ini lililoiva na kupondwa vinampa mtoto takriban miligramu 1.5. Ini lisizidi mara mbili kwa wiki, kwa sababu lina vitamini A nyingi sana, na mtoto huyu anapewa matone ya vitamini A kliniki pia.

Hapa niseme neno kuhusu unga wa lishe unaouzwa ukiwa umechanganywa ulezi, mahindi, mtama, soya, karanga na vingine hata kumi. Watu hudhani kila kinachoongezwa kinaongeza faida. Ukweli ni kwamba soya na karanga na nafaka zote hizo zina fitati yake, na ukizirundika pamoja bila kuziotesha wala kuzichachua umeongeza namba za chuma kwenye karatasi ya pakiti kuliko ulivyoongeza chuma kwenye damu. Zaidi ya hayo, karanga na mahindi yasiyokauka vizuri hubeba sumukuvu, ambayo haionekani wala haiondoki kwa kuchemsha. Mimi ningependa ulezi wako ubaki peke yake, ulioujua ulikotoka, na dagaa au maharage yaongezwe mezani.

Tufike kwenye sukari. Vijiko viwili kwa vikombe vitatu ni vijiko sita kwa siku, gramu 24 hivi, sawa na kilokalori 95. Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori 200 tu kutoka vyakula vyote vingine kwa siku nzima. Unga wako wa gramu 60 pekee yake tayari unafikisha 200. Sukari inaongeza karibu nusu nyingine juu yake, haina chuma wala zinki wala protini hata chembe, na nafasi inayoichukua ni ya ini, maharage au titi lako. Mashirika ya afya yanataka watoto wa umri huu wasitiliwe sukari kabisa. Tena meno yake ya mbele yanaota sasa, na uji mtamu unaogandia kwenye fizi, hasa wa jioni kabla ya kulala, ndio unaoacha mistari ya kahawia juu ya meno hayo.

Wengi hudhani bila sukari mtoto hatapata nguvu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kina kilokalori 40, yaani zaidi ya vile vijiko viwili vya sukari, ambavyo vina 32, na mafuta humsaidia kufyonza baadhi ya vitamini. Kwa hiyo anayehitaji nguvu zaidi atiwe mafuta. Usibadilishe sukari kwa sukari guru, glukosi ya pakiti wala juisi za boksi, kwa maana mwilini hizo ni sukari ileile. Asali ndiyo isiguswe kabisa kabla hajatimiza miezi 12, kwa kuwa huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia zisitoe sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Anautema uji usio na sukari kwa sababu umemzoesha kwa miezi miwili, na kuzoea huko kunaondoka. Usikate ghafla. Siku nne za kwanza tia kijiko kimoja na nusu, siku nne zinazofuata kimoja, kisha nusu, kisha uache, na wakati huohuo anza kutia kimea na papai au ndizi mbivu, ambavyo vitaziba pengo. Atakunja uso. Mtoto akikunja uso haina maana kwamba amekataa. Chakula kipya hulazimika kutolewa mara nane hadi kumi, kwa siku tofauti, kabla hajakikubali. Usimlazimishe wala usimfumbe pua, na usimpe sukari siku ya tatu kwa huruma, kwani hapo atajifunza kwamba akitema kwa nguvu sukari hurudi.

Basi siku yake iwe hivi. Asubuhi, baada ya kunyonya, bakuli moja la uji wa unga uliolowekwa usiku, gramu 20 za unga, kijiko cha mafuta, na papai. Mchana asipewe uji. Mpe ndizi za kupika au viazi vilivyopondwa pamoja na dagaa au ini, na mchicha kidogo uliokatwa mwembamba, halafu vijiko vichache vya chungwa. Jioni mapema bakuli la pili la uji, au maharage yaliyochekechwa maganda na kupondwa na ugali laini. Siku yenye ini, hesabu ya chuma kinachoingia mwilini ni takriban hivi: ini 0.2, uji ulioandaliwa vizuri na kuliwa na tunda 0.15 kwa mabakuli mawili, mboga na viazi pamoja na maziwa yako 0.1. Tumefika 0.45, mara tatu na zaidi ya ulichokuwa unakipata kwenye uji mtupu. Bado hatujafika 0.7, wala akiba iliyopungua haijaanza kujazwa.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na dawa ya maji ya madini ya chuma. Rudi kliniki uiombe, na uwaeleze kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, kama amekuwa na homa, na kama kuna selimundu katika ukoo wa upande wowote, ili wapime malaria na mengine kabla ya kuamua kwamba chanzo ni chuma tu. Dozi hupangwa kwa uzito wake, usiigize ya mtoto wa jirani. Mpe dawa hiyo kati ya mlo na mlo pamoja na juisi kidogo ya chungwa, mbali na uji na maziwa ya ng'ombe. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni la kawaida. Chupa ifungiwe mahali ambapo watoto wakubwa hawafiki, kwani dozi kubwa ya chuma ni sumu. Apimwe tena baada ya wiki nne. Kama chanzo kilikuwa chuma na dawa imetumika kila siku, kipimo kinatakiwa kiwe kimepanda kwa 1 hivi, yaani kutoka 9.8 kuelekea 10.8, na hata hapo dawa huendelea kwa miezi kadhaa ili akiba ijae. Kama hakikupanda, mwombe daktari atafute sababu nyingine, na akianza kupauka viganja, kupumua kwa kasi akiwa ametulia au kukataa kunyonya kabla ya wiki hizo nne, mpeleke siku hiyohiyo.